Udhamini Uliofichwa: Mafunzo Manne Niliyopata Kwenye Video za Simu

Nauza simu Kariakoo, na wateja wengi hufika dukani wakiwa wameshachagua simu kwenye video. Kama mchambuzi alilipwa na hakusema, hasara humwangukia mteja. Ndiyo maana mimi huzikagua video hizo kabla ya kuagiza mzigo.

1. Tazama tangazo la udhamini limewekwa wapi

Mwaka 2014 kampuni ya Warner Bros. iliwalipa watengeneza video maarufu wa YouTube, akiwemo PewDiePie, wautangaze mchezo wa Shadow of Mordor. Wengine walipata mamia ya dola, wengine makumi ya maelfu. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilieleza kwamba walielekezwa kuutaja udhamini kwenye maelezo ya chini, si ndani ya video, na mara nyingi ulionekana tu kwa aliyebonyeza "Show more". Video ya PewDiePie pekee ilitazamwa zaidi ya mara milioni 3.7. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2016.

Siku hizi YouTube huonyesha alama ya "Includes paid promotion" mwanzoni mwa video, lakini mtengenezaji ndiye anayepaswa kutangaza kwamba amelipwa. Asipotangaza, unaweza usiione. Kwa hiyo mimi hufungua maelezo yote hadi mstari wa mwisho na kuvisoma viungo. Kiungo chenye mkia kama `?tag=`, au kuponi yenye jina la chaneli, hudokeza kamisheni kwa kila anayenunua.

2. Pima maneno: ni ya mtumiaji au ya kiwanda?

Simu moja ya bei ya kati ilipotoka, nilizilinganisha video za chaneli kadhaa. Zote ziliisifu kamera kwa maneno yaleyale, "inafuta giza", na zote zilianza na umbo, zikaja kwenye kamera, zikamalizia na betri. Aliyeitumia simu husimulia tukio: alipiga nayo picha harusini, nyuso zikatoka nyeupe mno. Anayesoma maneno ya kiwanda hutaja megapikseli na jina kamili la kila teknolojia, bila kueleza ilimsaidia wapi.

Hata hivyo, usihukumu kwa hilo peke yake. Mara nyingi kampuni huwapelekea wachambuzi karatasi ileile ya maelezo, na huwapangia siku na saa ya kuanza kutoa video. Maneno kufanana, au video kutoka siku moja, kunaweza kutokea bila malipo yoyote.

3. Sikiliza sifa ilipokatwa

Katika video mojawapo, wapita njia walipewa simu hiyo waijaribu. Dada mmoja alisema, "Picha ni nzuri sana," kisha akaja mtu mwingine. Sauti ya dada huyo ilikuwa bado juu, na pumzi ya kuendelea ilisikika. Sentensi iliyokwisha hushuka, na hiyo haikushuka. Watu wote waliofuata walikatwa hivyohivyo, mara tu baada ya sifa.

Kukata video ni kazi ya kawaida ya mhariri, kwa hiyo swali ni kama mikato yote inaegemea upande mmoja. Kwenye majaribio, mimi hupunguza kasi ya video hadi 0.25 na kutazama saa na betri juu ya kioo cha simu. Saa ikitoka 10:14 ikarudi 9:52 ndani ya jaribio linalodaiwa kuwa moja, vipande vimepangwa upya, na matokeo ya betri hayaaminiki tena.

4. Orodhesha yasiyosemwa

Hapa ndipo kesi ya Warner ilinifunza zaidi. Mkataba uliwataka watengeneza video wauseme mchezo vizuri, na pia uliwakataza kuonyesha hitilafu zake. Mdhamini hununua sifa, lakini hununua na ukimya.

Basi kabla ya kutazama, huandika malalamiko ninayoyasikia dukani: joto, kasi ya kuchaji, sauti wakati wa kupiga simu, na muda wa kupata masasisho. Kwa simu ile, hakuna chaneli iliyogusa joto. Ilipofika dukani, tuliichezea gemu kwa takriban nusu saa. Mgongo ulichemka na kioo kikajipunguza mwanga chenyewe. Mchambuzi aliyeijaribu gemu kwa muda huo asingekosa kuliona.

Dalili moja haithibitishi malipo. Lakini maneno ya kiwanda, kiungo cha kamisheni, mikato ya upande mmoja na ukimya kuhusu kasoro vikikutana, ihesabu video hiyo kuwa tangazo, kisha mtafute aliyeinunua simu hiyo kwa fedha zake. Nanyi wachambuzi, mkilipwa, semeni kwa mdomo mwanzoni mwa video, kabla ya sifa ya kwanza.