SOMO: BARUA ZIKIKWAMA KATIKA SIMU

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu mmoja wa kiwandani hapa Kampala alituletea simu yake. Gmail ilizunguka tu, barua mpya haziingii. Kabla ya kugusa kitu tulifungua Outbox, tukaikuta barua yake ya kudai ovataimu haijaondoka. Tukainakili kwenye daftari. Kisha tukaingia Settings, Apps, Gmail, Storage, tukabonyeza Clear cache, ambayo haipotezi barua. Haikusaidia, tukabonyeza Clear storage. Barua zilizohifadhiwa kwenye mitambo ya Gmail zilirudi zenyewe, zikila bando lake. Ile ya Outbox haikurudi, wala sahihi aliyoiweka, kwani hizo zilikaa ndani ya simu tu. Tuliiandika upya kutoka daftarini, nayo ikaondoka.