Kesi bado haijafunguliwa: ni deni au ni maelezo tu?

Kila mwaka, kampuni zinapofunga hesabu, wahasibu hugongana na wakurugenzi wao juu ya jambo hili: kuna mtu anatudai, huenda akatushtaki, je, tuingize deni kwenye mizania au tuandike aya kwenye maelezo ya hesabu? Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi zaidi. Nitayajibu yote kwa mfano mmoja wa kubuni.

Basi la kampuni ya usafirishaji linaacha njia karibu na Chalinze tarehe 18 Novemba 2024 na kuvunja duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka wa hesabu unaisha tarehe 31 Desemba. Barua ya madai ya mwenye duka, ya shilingi milioni 300, inafika tarehe 20 Januari 2025. Bodi itasaini hesabu mwishoni mwa Machi.

Barua ilikuja Januari na kesi haijafunguliwa. Kwa nini tujisumbue na jambo hili kwenye hesabu za 2024?

Kwa sababu kilichozaa deni, kama deni lipo, ni ajali, na ajali ilitokea Novemba. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 37, ambacho ndicho kinachotawala hapa, hakiulizi kama kesi imesajiliwa. Kinauliza kama siku ya mwisho ya mwaka kampuni ilikuwa na wajibu unaotokana na tukio lililokwisha kupita. Barua ya madai na hati ya madai mahakamani ni njia za kudai deni tu.

Ndiyo maana abiria walioumia kwenye basi hilohilo wanapaswa kufikiriwa hata kama wamekaa kimya. Tanzania inatoa miaka 3 ya kufungua madai ya aina hiyo, kwa hiyo ukimya wa miezi miwili hauthibitishi chochote.

Basi tunapimaje kama wajibu upo, wakati dereva anakana kosa?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Unakusanya ushahidi wote ulio nao hadi siku ya kusaini hesabu, kisha unauliza: je, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa wajibu kuwepo kuliko kutokuwepo? Mpaka ni nusu kwa nusu. Ukizidi nusu, ikawa pia kuna uwezekano mkubwa wa fedha kutoka na kiasi kinaweza kukadiriwa, unaweka tengo, yaani deni linaingia kwenye mizania. Usipovuka nusu, unaandika maelezo peke yake. Ikiwa uwezekano wa kulipa ni mdogo mno, huandiki chochote.

Katika mfano wetu, dereva anasema alikwepa lori lililoegeshwa bila taa. Mwezi Januari wakili wa kampuni anaona kwamba utetezi huo una nguvu na kuna uwezekano zaidi wa kushinda kuliko kushindwa. Kama hesabu zingesainiwa siku hiyo, jibu lingekuwa maelezo tu. Lakini katikati ya Februari inatoka ripoti ya ukaguzi wa gari: breki za nyuma zilikuwa zimekwisha. Wakili anabadilisha maoni yake na kusema kampuni ina uwezekano zaidi wa kushindwa.

Ripoti ni ya Februari, lakini inaeleza hali ya breki ilivyokuwa Novemba. Kwa hiyo inarekebisha hesabu za 2024, na tengo linawekwa mwaka huo. Kama ingetoka Mei, baada ya bodi kusaini, tengo lingeingia kwenye hesabu za 2025 kama badiliko la makadirio, na hesabu za 2024 zingebaki kuwa sahihi. Lakini kama fundi wa karakana aliandika habari za breki hizo kwenye daftari mwezi Oktoba na hakuna aliyelifungua daftari, hilo ni kosa la mwaka uliopita, na litasahihishwa kwa kurudi nyuma.

Wakili wetu huandika kila mwaka: "Shauri linaendelea, hatuwezi kutabiri uamuzi wa mahakama." Tufanye nini?

Barua hiyo haimsaidii mhasibu wala mkaguzi, na lawama nyingi naziweka kwa anayeuliza. Ukimwomba wakili "hali ya kesi", atakupa tarehe za kutajwa. Mwulize mambo matatu kwa maandishi: je, kuna uwezekano zaidi wa kuwajibika au wa kutowajibika, ikiwa tutawajibika, kiasi gani kina uwezekano mkubwa zaidi kwa kila aina ya fidia, na ni ushahidi upi unaweza kugeuza maoni yake. Hakuna anayemtaka atabiri hukumu. Anaombwa aseme mizani imeelemea wapi leo. Akikataa kabisa, uamuzi unabaki wa wakurugenzi. Hawawezi kujificha nyuma ya ukimya wake.

Tengo liwe la milioni 300 zinazodaiwa?

Hapana. Mdai huandika anachotaka; wewe unakadiria utakacholipa. Katika mfano huu, stakabadhi na daftari la bidhaa vinaonyesha mali ya milioni 95 iliyoharibika, na kujenga upya ni milioni 35. Milioni 170 zilizobaki ni faida aliyopoteza, nayo ina vielelezo vichache. Wakili anaona mahakama itampa kama milioni 20. Gharama za kesi za upande wa pili anazikadiria kuwa milioni 10. Jumla ni milioni 160, na hizo ndizo za tengo. Maelezo ya hesabu yaeleze kwamba kiasi na wakati wa kulipa havina uhakika.

Ugumu wa kukadiria si sababu ya kukimbilia maelezo. Kiwango kinasema hali ambayo hakuna makadirio yoyote ya kutegemewa ni nadra mno.

Bima italipa milioni 100. Si tuandike deni la 60 tu?

Deni kwa mwenye duka ni lote, milioni 160, kwa sababu bima isipolipa ni wewe atakayekudai. Fedha za bima zinaonyeshwa kama mali iliyo peke yake, na pale tu ambapo ni karibu hakika kwamba zitalipwa. Kampuni ya bima ikikubali dai kwa maandishi kabla ya hesabu kusainiwa, umefika. Ikiwa bado inachunguza hali ya breki, hujafika. Kwenye taarifa ya faida na hasara unaruhusiwa kuonyesha gharama halisi ya 60, ila si kwenye mizania.

Tukionyesha milioni 160, si tunampa mdai silaha?

Hofu hii ni ya haki na naichukulia kwa uzito. Kiwango kinaruhusu, katika hali nadra sana, kuacha maelezo yatakayodhuru sana msimamo wako, mradi utaje aina ya mgogoro na useme kwamba umeacha maelezo na kwa nini. Lakini ruhusa hiyo inahusu maelezo. Haikuruhusu kuacha kuweka tengo lenyewe. Kampuni yenye madai kadhaa ya ajali inaweza kuyajumlisha katika mstari mmoja, na mdai hataona kiasi chake.

Na hukumu ikitoka ikiwa milioni 140?

Unalipa 140 kutoka kwenye tengo na kurudisha 20 kwenye faida ya mwaka huo. Hizo 20 haziwezi kuhamishwa kugharamia madai ya abiria: ya abiria yanapimwa upya, kwa ushahidi wake.