Nenosiri Lililokwisha Kuvuja: Jinsi ya Kulizuia Kwenye Fomu ya Kujisajili

Tuseme unatengeneza tovuti ya SACCOS au ya shule, na wanachama watajisajili wenyewe. Fomu yako inadai nenosiri lenye herufi nane, ndani yake herufi kubwa, tarakimu na alama. Mtu anaandika P@ssw0rd. Masharti yote yametimia, fomu inalipokea. Lakini nenosiri hilo limevuja mara nyingi kutoka tovuti nyingine, na wezi wa mtandaoni hulijaribu miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa. Ndiyo maana mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unataka nenosiri jipya lilinganishwe na orodha ya yaliyovuja, na unakataza masharti ya kuchanganya herufi na alama.

Orodha hiyo inapatikana wapi, na kwa bei gani? Ipo kwenye huduma ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia. Sehemu yake ya manenosiri, Pwned Passwords, ilifunguliwa mwaka 2017, na kuitumia ni bure, bila hata kujiandikisha.

Hapo utauliza, na ni haki yako: je, nitume nenosiri la mwanachama wangu kwa watu wa mbali? Hapana, na hutakiwi kufanya hivyo. Seva yako, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, hulipitisha kwanza nenosiri kwenye hesabu iitwayo SHA-1. Hesabu hiyo hutoa mfuatano wa tarakimu na herufi 40, na nenosiri lile lile hutoa mfuatano ule ule kila mara. P@ssw0rd hutoa huu:

```
21BD12DC183F740EE76F27B78EB39C8AD972A757
```

Kati ya hizo 40, unatuma tano za mwanzo tu:

```
curl https://api.pwnedpasswords.com/range/21BD1
```

Jibu ni mistari mingi, kila mmoja ukiwa na herufi 35 zilizobaki za mfuatano fulani, nukta mbili, kisha idadi ya mara ulizoonekana. Seva yako ndiyo inayotafuta humo 2DC183F740EE76F27B78EB39C8AD972A757. Ikiukuta mstari huo, nenosiri limevuja. Huduma yenyewe haijui ulikuwa unatafuta upi kati ya mistari hiyo yote. Kumbuka tu kwamba SHA-1 hapa ni ya kutafutia. Usiitumie kuhifadhi manenosiri kwenye hifadhidata yako. Kwa kazi hiyo tumia Argon2id au bcrypt, ambazo kwa makusudi huenda polepole ili mwizi achelewe.

Sasa umwambie nini mwanachama? Hapa ndipo fomu nyingi zinapokosea. Ukiandika “Nenosiri lako limevuja”, atadhani akaunti yake imevamiwa, na huenda akaacha kujisajili. Andika hivi: “Nenosiri hili limo kwenye orodha za yaliyovuja kutoka tovuti nyingine. Tafadhali chagua jingine. Kama unalitumia kwingine, libadilishe huko pia.” Ukaguzi huu ufanyike anapobonyeza kitufe cha kujisajili, na ufanywe na seva, kwa kuwa ulinzi ulio kwenye simu ya mtumiaji peke yake unaweza kurukwa.

Kipimo cha nguvu ni kitu kingine, na huonekana mtu anapoendelea kuandika. Programu ya bure iitwayo zxcvbn, iliyotoka kampuni ya Dropbox, hukisia ingechukua majaribio mangapi kulipata nenosiri, kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 4. Usiishie kuonyesha mstari mwekundu au wa kijani. Kuna wasiotofautisha rangi hizo. Weka maneno, na yaseme la kufanya: “Rahisi kukisia. Ongeza maneno mawili yasiyohusiana.”

Programu hiyo ina udhaifu unaotugusa sisi moja kwa moja. Kamusi zake zimejengwa zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo neno kama “nakupenda” au jina la timu inayopendwa hapa kwetu linaweza kupewa alama nzuri lisizostahili. Ipe orodha yako mwenyewe, pamoja na jina la mwanachama na la tovuti:

```
zxcvbn(nenosiri, ["nakupenda", "simba", "yanga", jina, tovuti])
```

Ukitaka kuhakikisha kazi yako, jisajili kwa P@ssw0rd: fomu ikikupokea, ukaguzi haufanyi kazi. Kisha jaribu maneno manne yasiyohusiana, yenye nafasi katikati. Fomu ikiyakataa kwa kukosa tarakimu, masharti ya zamani bado yamo, yaondoe.

Na mtandao ukikatika, huduma ile isijibu? Isubiri sekunde mbili, kisha mruhusu mwanachama aendelee mradi zxcvbn, ikiendeshwa kwenye seva, imelipa nenosiri lake alama 3 au 4, na uiwekee akaunti kumbukumbu ili nenosiri lake likaguliwe atakapoingia tena.