Barua ya kuhuisha leseni ya biashara: kazi yote iko kwenye aya ya rejea

Leseni ya biashara ya kundi B, ile inayotolewa na halmashauri, siku hizi huhuishwa kupitia mfumo wa TAUSI. Ikiwa hakuna kilichobadilika dukani, maombi hujitosheleza yenyewe. Barua huhitajika pale nyaraka zako zinapopingana. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Morogoro, na mwaka 2025 leseni yangu ilisema duka liko Kata ya Mji Mpya, wakati mkataba wa pango unasema Kihonda. Kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, leseni hufuata mahali pa biashara. Afisa biashara akiona kata mbili, lazima apate maelezo ya maandishi kabla ya kuendelea.

Barua huelekezwa kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kwa cheo chake, hata kama afisa biashara mnafahamiana. Ikifika, kituo chake cha kwanza ni masjala, na mtu wa masjala anatafuta jambo moja: iingie jalada gani. Ndiyo maana kichwa cha habari hubeba namba ya leseni. "YAH: MAOMBI YA KUHUISHA LESENI" peke yake humwacha abahatishe kati ya mamia ya maombi yanayofanana.

Salamu na utambulisho visizidi sentensi mbili: jina la biashara kama lilivyo kwenye leseni, na TIN. Kisha inakuja aya ya rejea. Hii ndiyo yangu (namba nimezibadili):

"Rejea leseni yangu Na. B 04417 iliyotolewa na ofisi yako tarehe 14/08/2024 na inayoisha tarehe 13/08/2025, kwa duka lililokuwa Kata ya Mji Mpya. Rejea pia barua yangu ya tarehe 10/02/2025 ya kutoa taarifa ya kuhamia Kata ya Kihonda, kufuatia mkataba wa pango wa tarehe 03/02/2025, na barua yako yenye Kumb. Na. MM/B.20/7/31 ya tarehe 27/02/2025 iliyothibitisha kupokea taarifa hiyo."

Kila waraka umetajwa kwa aina yake, tarehe yake na aliyeutoa, na wenye namba umepewa namba. Msomaji anaanzia kwenye leseni, anauona uhamisho, kisha anakuta ofisi yake mwenyewe ikiukubali. Barua ya ofisi ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu nakala yake tayari iko kwenye jalada lao. Namba ya kumbukumbu inakiliwa herufi kwa herufi, mikwaju na nukta zote, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha jalada lenyewe.

Tarehe inayowachanganya wengi ni ya malipo. Stakabadhi yangu ilikuwa ya 09/08/2024, siku tano kabla ya leseni kutoka. Miezi 12 ya leseni huhesabiwa tangu ilipotolewa, kwa hiyo ukinakili tarehe ya stakabadhi, barua yako itasema leseni inaisha 08/08 wakati leseni yenyewe inasema 13/08. Afisa atarudisha barua ikarekebishwe, nawe utapoteza wiki. Stakabadhi iambatishe tu, kama uthibitisho wa malipo.

Na kama taarifa ya kuhama uliitoa kwa mdomo? Usiandike "kama nilivyokwisha kuwaeleza," maana maneno hayana jalada. Taja mkataba wa pango na tarehe yake, kisha sema wazi kwamba kwa barua hii ndiyo unatoa taarifa. Hapo pia pitia TRA kwanza, ili anwani ya biashara yako ibadilishwe huko kabla hujaomba cheti cha uthibitisho wa kodi. Nimeona jirani zangu wakipeleka cheti chenye mtaa wa zamani pamoja na barua inayotaja mtaa mpya, na maombi yakasimama papo hapo.

Ombi lenyewe ni sentensi moja: "Hivyo naomba leseni hiyo ihuishwe kuanzia tarehe 14/08/2025, ikionyesha mahali papya pa biashara, Kata ya Kihonda." Chini yake orodhesha viambatisho kwa mpangilio uleule wa aya ya rejea, ili anayesoma afunue karatasi moja baada ya nyingine bila kurudi nyuma.

Niliipeleka tarehe 21/07/2025, wiki tatu kabla ya leseni kuisha, nikiwa na nakala mbili. Moja hubaki masjala. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usiondoke dirishani bila huo muhuri. Wiki mbili zikipita kimya, barua ya kukumbusha huanza hivi: "Rejea barua yangu iliyopokelewa na masjala yako tarehe 21/07/2025," na nakala yenye muhuri inakuwa kiambatisho cha kwanza.