Kitenzi -potea katika Barua ya Madai

Soma barua hii ya abiria aliyesafiri kutoka Mbale, kisha uchunguze vitenzi vyake.

YAH: MADAI YA FIDIA YA BEGI LILILOPOTEA

Jumapili, tarehe 14 Mei 2023, nilisafiri kwa basi lenu kutoka Mbale hadi Jinja, nikielekea Buwenge. Kondakta alipokea begi langu, akalifunga lebo nambari 47, akanikabidhi kipande chake, akaliweka katika sehemu ya mizigo. Basi lilisimama Tirinyi na Iganga. Tulipofika Jinja, begi halikuwamo. Ni begi jeusi la turubai, lenye zipu mbili na utepe mwekundu kwenye mpini. Ndani mlikuwa na mashati matatu, suruali mbili na vitabu vinne vya kiada. Begi hilo lilipotea likiwa chini ya uangalizi wa kampuni. Naomba kampuni inilipe shilingi 310,000: begi 80,000, nguo 130,000 na vitabu 100,000. Nimeambatanisha nakala za tiketi na kipande hicho.

Mwandishi angeweza kulieleza tukio kwa njia tatu:

(a) Begi lilipotea.
(b) Nilipotewa na begi.
(c) Begi lilipotezwa na kondakta.

Sentensi (a) haina mtenda, hivyo kampuni yaweza kujibu kuwa haihusiki. Katika (b), kiima ni mtu aliyepatwa na hasara. Mwanafunzi aangalie kiunganishi *na*: baada ya kitenzi cha kutendwa kwa kawaida hutambulisha mtenda, lakini hapa hutambulisha kitu kilichopotea. Begi halikumtenda abiria jambo lolote. Sentensi (c) imejengwa juu ya -poteza, kauli ya kutendesha, na inamtaja mtenda. Ni shutuma nzito, ilhali mwandishi hakuona begi likipotea. Huenda lilishushwa Iganga na abiria mwingine.

Ndiyo maana mwandishi alibaki na -potea, akaongeza kishazi chenye -ki-: *likiwa chini ya uangalizi wa kampuni*. Kishazi hicho hakisemi nani alifanya nini. Kinaeleza begi lilikuwa mikononi mwa nani lilipopotea. Nguvu yake inatokana na vitenzi vilivyotangulia: *alipokea, akalifunga, akanikabidhi, akaliweka*. Hayo ni matendo aliyoyashuhudia, kwa hiyo mtenda anatajwa waziwazi, na -ka- inaonyesha yalivyofuatana.

Kanuni hiyo inaongoza pia ombi lake. *Naomba nilipwe* ni sahihi kisarufi, lakini kauli ya kutendwa inamficha mlipaji. *Naomba kampuni inilipe* inamtaja.

Zoezi
1. Andika upya sentensi hizi ziifae barua ya madai, kisha eleza sababu ya kila badiliko:
 (i) Sanduku langu liliibwa na dereva. (Mwandishi hakuona wizi.)
 (ii) Mzigo ulipokelewa Mbale. (Mwandishi alimwona aliyeupokea.)
2. Tunga sentensi mbili zenye -fiwa na -ibiwa. Je, *na* inatambulisha nini katika kila moja?