Picha za Skrini Zilizokuja Bila Neno

Siku za likizo wanafunzi huniuliza: mtu akikutumia picha za skrini zenye mazungumzo ya mtu mwingine, wala asiandike neno lolote, ufanyeje? Natwaa kisa kimoja ambacho mwenyewe ameniruhusu kukieleza bila majina.

Msichana wa Kidato cha Tatu alitumiwa na rafiki yake picha mbili za WhatsApp. Ndani yake mwenzao wa tatu alikuwa ameandika: "Ndiyo, kweli anajidai, simtaki kundini." Aliyesemwa ni huyo huyo aliyetumiwa picha.

Tulizisoma pamoja polepole. Katika WhatsApp maneno ya mwenye simu hukaa kulia, na ya mwenziwe kushoto. Maneno ya yule wa tatu yalikuwa kushoto; basi picha zilipigwa katika simu ya rafiki aliyezituma, naye alikuwamo katika mazungumzo. Tena "Ndiyo" ni jibu. Swali liko wapi? Picha ilikuwa imekatwa juu ya neno hilo hilo. Kati ya picha ya kwanza na ya pili zilikosekana dakika 17. Yamkini mtu alikwenda kula. Lakini ujumbe ukifutwa katika simu moja tu, hauachi alama yoyote. Ukifutwa kwa wote ndipo hubaki maandishi ya kuonyesha kuwa umefutwa. Hata jina lililo juu ni lile alilolihifadhi mwenye simu, naye aweza kuandika atakalo.

Yule wa tatu hakuulizwa, wala hakupata habari, maana WhatsApp haimwarifu mtu kwamba ujumbe wake wa kawaida umepigwa picha. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 16, inahifadhi mawasiliano binafsi ya mtu. Rafiki aliandikiwa ayasome. Kuyapeleka kwa mwingine ni ruhusa nyingine, nayo hakuiomba.

Na nia yake? Anayetaka kukuonya husema, "Jihadhari." Anayenyamaza hukuachia wewe kazi ya kukasirika, na ugomvi ukizuka atadai hakusema kitu. Sisemi kila anyamazaye ana hila, wengine huogopa. Na kama picha zina vitisho, au mtu mzima anamshawishi mtoto, usizifute: mwonyeshe mzazi au mwalimu mmoja, wala usizisambaze.

Hapa hapakuwa na hatari. Msichana akaandika: "Mbona umeniletea hizi? Yeye anajua?" Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Nilitaka tu ujue." Alipoomba aone swali lililokatwa, halikuletwa. Akazifuta picha katika mazungumzo, kisha nikamkumbusha kutazama albamu ya simu, kwa kuwa mara nyingi nakala hubaki huko, na simu ile ilikuwa ya mama yake.