Tangazo la Kazi Lina Tarehe Mbili: Jinsi ya Kulipia, Kufuatilia na Kutopoteza Pesa

Wateja wetu wengi wa Kitui na Makueni hutuuliza maswali yanayohusu tovuti za kazi. Mwenye duka huuliza, "Nimelipia tangazo, mbona halionekani?" Anayetafuta kazi naye huuliza, "Nimeona tangazo jana, mbona naambiwa nafasi imejaa?" Katika somo hili tutafuata tangazo moja kutoka siku linalipiwa mpaka siku linazimwa. Ukishaelewa safari hiyo, majibu ya maswali yote mawili yatakuwa wazi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana agroveti mjini Wote na anatafuta muuzaji anayejua mbegu na dawa za mifugo. Kuna dada aliyemaliza kozi ya kilimo, anaishi Mutomo upande wa Kitui, na anatafuta kazi. Hawajuani. Kinachowaunganisha ni tovuti tu, na simu zao.

Hatua ya kwanza: mwajiri analipia siku, halipii mfanyakazi

Tuseme tovuti inatoza shilingi 1,000 kwa tangazo la siku 14. Pesa hiyo inanunua muda wa kuonekana, basi. Hainunui mfanyakazi, wala haihakikishi kwamba watu wataomba. Tovuti nyingine huuza pia nafasi ya juu kwenye orodha, ambapo tangazo lako hukaa mbele ya yale ya bure. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: siku zinaanza kuhesabiwa lini, na nafasi ya juu inadumu siku ngapi kati ya hizo 14. Kuna tovuti zinazoanza kuhesabu ukilipa, na kuna zinazoanza tangazo likishakaguliwa na kuwekwa hewani. Ukilipa Ijumaa jioni na ukaguzi ufanyike Jumatatu, tofauti hiyo ni siku tatu zako.

Mama anajaza fomu, na tovuti inampa nambari ya tangazo, tuseme KT0417. Hapo kuna njia mbili za kulipa kwa M-Pesa. Ya kwanza, tovuti inatuma ombi moja kwa moja kwenye simu yake, anaona jina la biashara na kiasi, kisha anaweka PIN. Ya pili, anaingia mwenyewe kwenye Lipa na M-Pesa, anachagua Paybill, anaweka nambari ya biashara, halafu kwenye nafasi ya akaunti anaandika KT0417.

Nambari hiyo ya akaunti ndiyo inayoiambia tovuti pesa hizi ni za tangazo lipi. Ukiandika herufi O badala ya sifuri, pesa zitafika kwa kampuni sawasawa, lakini mfumo hautajua uziweke wapi. Ujumbe wa M-Pesa utasema umelipa, na tangazo litabaki limeandikwa "linasubiri malipo". Usikimbilie kulipa tena. Chukua ule msimbo wa herufi na tarakimu ulio mwanzoni mwa ujumbe wa M-Pesa, uwatumie wahudumu wa tovuti pamoja na nambari sahihi ya tangazo. Kwa msimbo huo watayaona malipo yako na kuyaunganisha kwa mkono.

Kwa njia ya ombi la moja kwa moja, tatizo huwa lingine. Ombi halikai kwenye simu muda mrefu. Ukichelewa kuweka PIN, au mtandao ukikatika, linafutika na hakuna pesa inayotoka. Lakini wakati mwingine pesa hutoka, ila tovuti inachelewa kupata taarifa. Kipimo ni kimoja: angalia kama umepata ujumbe wa M-Pesa na kama salio limepungua. Kama hakuna ujumbe na salio ni lilelile, jaribu tena. Kama ujumbe upo, subiri au piga simu. Watu wengi waliolipia tangazo moja mara mbili walibonyeza "lipa" mara ya pili kabla ya kusoma ujumbe.

Hatua ya pili: tarehe mbili ambazo watu huzichanganya

Mama wetu amelipa Jumatatu tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi. Siku zake 14 zinaisha Jumatatu tarehe 16, saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo tarehe ya tangazo kuzimwa. Lakini ndani ya tangazo ameandika kwamba maombi yafike kabla ya Ijumaa tarehe 13, saa kumi na moja jioni. Hiyo ni tarehe ya mwisho ya kuomba. Ya kwanza inaongozwa na malipo, ya pili inaongozwa na mwajiri. Tovuti nyingi hazizilinganishi.

Ona kinachotokea. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, tangazo bado liko hewani na mtu anaweza kutuma maombi, lakini hakuna anayeyasoma. Sasa tuseme mama aliona waombaji ni wachache, akalipia siku saba zaidi Jumatatu hiyo, na akasahau kubadilisha tarehe 13 ndani ya maandishi. Tangazo linarudi juu ya orodha likiwa limeandikwa "jipya". Msomaji makini anaona tarehe iliyopita na kuliacha, ingawa nafasi ipo. Asiye makini anaomba bila kujua lolote. Kwa hiyo mwajiri, ukiongeza siku, fungua maandishi yako kwanza ubadilishe tarehe. Na ukipata mtu mapema, zima tangazo mwenyewe hata kama umebakisha siku ulizolipia. Kuliacha kunakuletea simu za bure kila siku, na kuna mtu anapoteza nauli.

Kuna jambo la saa pia. Fomu nyingi humwuliza mwajiri tarehe tu, bila saa. Baadhi ya mifumo husoma "13 Juni" kama saa sita ya usiku, pale tarehe 13 inapoanza. Ijumaa asubuhi, siku ambayo kila mtu anadhani ni ya mwisho, tangazo tayari limefungwa. Mifumo mingine hufuata saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu, kwa hiyo inafunga saa tisa usiku kwa saa zetu. Mwajiri anaweza kuepuka haya kwa kuweka tarehe ya siku inayofuata kwenye fomu na kuandika saa halisi ndani ya maelezo. Mwombaji naye asingoje siku ya mwisho, maana hajui saa ya tovuti inasomaje.

Hatua ya tatu: arifa inayomfikia dada wa Mutomo

Dada yetu amejiandikisha kupata arifa. Amechagua neno "ofisa wa kilimo", eneo "Mutomo", na arifa mara moja kwa wiki, kila Jumamosi. Je, tangazo la mama wa Wote litamfikia? Halitamfikia. Arifa hulinganisha maneno. Mama aliandika "muuzaji wa agroveti" na eneo "Wote". Hakuna neno hata moja linalokutana, ingawa kazi inamfaa kabisa.

Dawa ni kuchagua aina ya kazi, kwa mfano kilimo au mauzo, badala ya cheo kimoja, na kuchagua kaunti badala ya mji. Achague Kitui na Makueni zote mbili, maana toka Mutomo kuna barabara ya kwenda Kibwezi, na kutoka huko anaweza kufika Wote. Aongeze pia maneno ambayo mwenye duka angeyatumia: agroveti, duka, muuzaji.

Muda wa arifa nao una uzito. Akiwa na arifa ya kila wiki, tangazo la Jumatatu tarehe 2 litamfikia Jumamosi tarehe 7, na atakuwa na siku sita za kuomba. Hiyo inatosha. Lakini kama tangazo ni la siku tano tu, linaweza kuwekwa Jumapili na kufungwa Ijumaa, arifa ya Jumamosi ije ikiwa mambo yameisha. Kwa kazi za maduka, ambazo hujazwa haraka, arifa ya kila siku ni bora. Na ukipokea arifa, soma tarehe ya mwisho ndani ya tangazo kabla ya kitu kingine chochote. Neno "jipya" linaweza kumaanisha tu kwamba mwajiri ameongeza siku. Piga simu kuuliza kama nafasi bado ipo kabla hujapanda matatu.

Hatua ya nne: ukiambiwa ulipe, ujue uko upande gani

Umeona kwamba katika safari yote hii, pesa zilitoka kwa mwajiri. Dada wa Mutomo hajalipa hata shilingi kwa mwajiri. Kwa hiyo akipigiwa simu na kuambiwa, "Umechaguliwa, tuma shilingi 850 za usajili leo, nafasi zinaisha," huo mtiririko umegeuzwa kichwa chini. Ada inaweza kuitwa ya sare, ya vipimo vya afya au ya mafunzo. Jina halibadilishi kitu.

Angalia pia pesa zinaenda wapi. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linaloonekana kwenye simu. Ukiona jina la mtu binafsi ilhali unaambiwa ni kampuni, simama. Ila usidhani kwamba Paybill pekee ni uthibitisho, maana swali la msingi linabaki: kwa nini anayetafuta kazi ndiye analipa?

Kazi za kaunti zina kipimo chake. Chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, bodi ya utumishi wa umma ya kaunti inatakiwa kutangaza nafasi hadharani ili ziwafikie watu wengi iwezekanavyo. Kwa hiyo nafasi ya kaunti ya Kitui au Makueni utaitafuta kwenye matangazo ya bodi yenyewe. Ikiwa ni wakala wa ajira, uliza kama amesajiliwa, kisha uthibitishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Kama tayari umetuma kwa M-Pesa, usimpigie mtapeli kumbembeleza. Tuma ujumbe wote wa muamala kwa 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe, na uripoti nambari ya mtapeli kwa 333. Dakika ni muhimu hapa, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala hakuna kilichobaki cha kuzuia.

Jipime

Umelipia tangazo la siku 14 Alhamisi, na unataka maombi yafungwe siku ya kumi. Ukiongeza siku saba baadaye, ni tarehe ipi itabadilika yenyewe, na ni ipi utalazimika kuibadilisha wewe? Kama umejibu kwamba malipo yanasogeza ile ya kuzimwa tu, na ile ya kuomba ni kazi yako, somo limeingia.